Mahojiano ya ushuhuda wa mteja: maana yake, na maswali yanayozaa kisa cha kuaminika

Video ya ushuhuda ni mazungumzo yaliyorekodiwa ambamo mtu aliyenunua bidhaa au huduma anasimulia kwa maneno yake mwenyewe alikuwa na hali gani kabla, nini kilimsukuma anunue, na nini kimebadilika tangu hapo. Mtazamaji huona dakika moja na nusu au mbili. Nyuma yake kuna mahojiano ya nusu saa au zaidi, na humo ndimo video inapofaulu au kuharibika. Kamera nzuri na taa nzuri haziwezi kuokoa majibu matupu.

Jibu tupu ni lipi? Ni kama hili: "Huduma yao ni nzuri sana, wamenisaidia mno, nawashauri wengine." Mteja anaamini anachosema, wala hadanganyi. Lakini ukitoa jina la kampuni hiyo ukaweka la mshindani wake, sentensi inabaki vilevile. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila jibu: kama linaweza kuhamia kwenye bidhaa nyingine bila kubadilika neno, ni sifa, si ushuhuda. Shahidi hueleza alichokiona, siku alipokiona na pale alipokuwa.

Mara nyingi kosa huwa kwenye swali, wala si kwa mteja. Ukimuuliza mtu "Unaionaje huduma yetu?" umemwomba maoni, na mtu mstaarabu akiombwa maoni mbele ya kamera, mbele ya watu waliomhudumia vizuri, atatoa sifa. Hana sababu ya kurudi kwenye kumbukumbu. Ukimuuliza tukio, lazima arudi. Wanasaikolojia wanalijua jambo hili tangu zamani: mwaka 1954 Mmarekani John Flanagan alichapisha mbinu iliyotokana na utafiti wa marubani wa kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Badala ya kuuliza rubani mzuri ana sifa gani, watafiti waliomba visa halisi: eleza mara moja ulipoona mtu akifanya jambo lililofaa au lisilofaa, na kilichotokea. Mhojaji wa ushuhuda anafanya kazi hiyohiyo kwa nafasi ndogo zaidi.

Tuchukue mfano tuliotunga. Mwanamke mwenye karakana ya samani ameanza kutumia programu ya ankara na malipo, na kampuni iliyotengeneza programu hiyo inataka ushuhuda wake. Mhojaji asianze na programu. Aanze na maisha ya kabla yake, kwa sababu mtazamaji anayefikiria kununua bado yuko huko.

"Kabla ya programu hii, malipo ya wateja ulikuwa unayawekaje kumbukumbu?"

"Kwa mkono, kwenye daftari. Ilikuwa shida sana."

Hapa wahojaji wengi huridhika na kuruka kwenye swali linalofuata. Lakini neno "shida" ni mfuniko tu, kilichomo hakijaonekana bado. Unachohitaji ni tukio moja tu:

"Nikumbushe siku moja shida hiyo ilipokukuta. Ulikuwa unafanya nini?"

Kisha unyamaze. Kimya cha sekunde tano hivi mbele ya kamera kinaonekana kirefu, na ulimi wa mhojaji huwasha kutaka kusaidia: "labda wateja walikuwa wanachelewa kulipa?" Usisaidie. Mteja anatafuta kumbukumbu, na ukimpa jibu ataacha kuitafuta.

"Kuna siku mteja alikuja kuchukua kabati. Akasema amemaliza kulipa. Mimi daftari langu linaonyesha amebakiza nusu. Nikamwambia kabati halitoki. Tukabishana pale mbele ya watu, akaondoka na hasira."

"Ukafanyaje?"

"Jioni nikamuuliza fundi. Kumbe yule bwana alimlipa yeye, na fundi akaandika kwenye daftari lake. Mteja alikuwa sahihi. Ilibidi nimpigie simu kumwomba radhi, na kabati nikampelekea mwenyewe."

Linganisha hili na "ilikuwa shida sana". Hapa kuna madaftari mawili, ugomvi mbele ya watu, na simu ya kuomba radhi. Kila mwenye biashara inayopokea malipo kidogo kidogo ataona aibu ya jioni ile kana kwamba ni yake. Pia hakuna aliyemwambia aseme hivyo, na hilo linasikika.

Wakati wa kurekodi kuna namna ya kutambua kama kisa kimekuja. Sikiliza vitenzi. Mteja akiwa kwenye sifa husema "ni nzuri", "inasaidia", "huwa wanajali". Akiingia kwenye kisa utasikia "akaja, akasema, nikamwambia, tukabishana". Anaanza kutaja siku, chumba, maneno ya mtu mwingine. Ukisikia hivyo, nyamaza, au uulize tu "ukafanyaje?" na "akasemaje?" Hayo ndiyo maswali mafupi kuliko yote, na mara nyingi ndiyo yanayoleta klipu bora ya siku.

Swali la pili ambalo halipaswi kukosekana ni la mashaka: "Nini nusura kikufanye usinunue?" Makampuni huliogopa swali hili, nami naona wanakosea. Mtazamaji anayo mashaka tayari, na anayeweza kuyajibu vizuri ni mtu aliyekuwa nayo kabla yake. Mwenye karakana wetu anajibu: "Nilimwambia muuzaji, madaftari mawili yatageuka kuwa simu mbili. Fundi ataandika kwake, mimi kwangu, yatakuwa yaleyale." Ukiisha pata hilo, uliza kilichomtoa kwenye mashaka. Tuseme muuzaji aliandika malipo kwenye simu ya fundi, na yakaonekana palepale kwenye simu ya mwenye karakana. Hapo bidhaa imeelezwa vizuri kuliko ambavyo tangazo lolote lingeweza kuieleza, na imeelezwa na mtu aliyekuwa anaipinga.

Kwenye matokeo nako epuka "imekusaidiaje?" Uliza tukio la karibuni: "Mara ya mwisho mteja kubishia salio lake, ilikuwaje?" Halafu uliza vipimo ambavyo mteja anavijua kwa macho yake. "Kufunga hesabu za mwezi kulikuchukua muda gani zamani? Na mwezi uliopita?" Akisema zamani alimaliza Jumamosi na Jumapili nzima, na sasa anamaliza asubuhi moja, umepata kitu kinachoaminika. Akisema "ufanisi umepanda kwa asilimia themanini", muulize amejuaje. Kama hakuna hesabu nyuma yake, usiitumie, hata kama mkuu wa masoko ameipenda. Asilimia isiyo na chanzo humfanya mtazamaji aanze kutilia shaka hata kile kisa cha kabati.

Swali moja zaidi huipa video uzito: "Kuna kitu ambacho hadi leo hakijakuridhisha?" Malalamiko madogo, kwa mfano kwamba ilichukua wiki kadhaa fundi kuzoea, yakibaki kwenye video yanaonyesha kwamba anayezungumza yuko huru.

Kuna tatizo la kiufundi linaloharibu mahojiano mazuri mara nyingi kuliko mengine. Sauti ya mhojaji kwa kawaida hukatwa. Ukiuliza "ulichukua muda gani kuzoea?" naye akajibu "kama wiki mbili", mhariri ana maneno matatu yasiyo na kichwa wala miguu. Kabla ya kuanza, mweleze mteja kwamba wewe hutasikika, hivyo aingize swali ndani ya jibu: "Kuizoea programu kulinichukua kama wiki mbili." Atasahau, na ni kawaida. Kwenye majibu mafupi mwombe arudie. Lakini kwenye kisa kilichochemka usimkatize wala usimrudishe mwanzo. Kisa kikisimuliwa mara ya pili hupoa: mtu anajaribu kukumbuka alivyosema dakika iliyopita, badala ya kukumbuka kilichotokea. Ni afadhali mhariri aandike swali kwenye skrini.

Kwa sababu hiyohiyo usimalize visa kwenye simu ya maandalizi. Simu ya dakika kumi au kumi na tano inatosha kujua alinunua lini, alikuwa anatumia nini zamani, na nani mwingine anahusika. Akianza kusimulia ugomvi wa kabati, mwambie kwa upole: "Hilo tulihifadhi, utanisimulia tukikutana." Mtumie mada, si orodha ya maswali. Anayepata maswali yote mapema huandika majibu na kuyakariri, na macho ya mtu anayesoma kichwani yanaonekana hata kwenye skrini ndogo ya simu. Kaa pembeni kidogo ya lenzi, macho yako yakiwa kwenye kimo kimoja na yake, ili azungumze na mtu badala ya kuzungumza na kioo. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo huleta sauti iliyo safi kuliko ile ya kamera iliyo mbali.

Hatari kubwa zaidi ni kumwekea mteja maneno mdomoni. "Kwa hiyo unaweza kusema tumekuokolea muda mwingi?" Atasema ndiyo kwa adabu, na unachokipata ni sentensi yako kwa sauti yake. Uhariri nao una mtego wake. Akisema "imeniondolea ugomvi na wateja, ila lazima fundi akumbuke kuandika", kukata ile "ila" kunabadilisha ushahidi, kama ilivyo kuunganisha jibu la swali moja na swali lingine. Mwonyeshe mteja video iliyohaririwa kabla haijatoka, na upate idhini yake kwa maandishi, ikitaja video itatumika wapi. Kama alilipwa, au alipewa punguzo au huduma ya bure, liseme hilo wazi ndani ya video. Nchini Marekani, kwa mfano, miongozo ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inataka uhusiano wa aina hiyo uelezwe pale ambapo ungebadilisha uzito ambao mtazamaji anaupa ushuhuda.

Mwishoni mwa mahojiano uliza: "Kuna kitu ulitegemea nikuulize ambacho sijakuuliza?" Kabla hamjaanza mwambie kwamba kamera itaendelea kurekodi hadi utakaposema umeizima, kisha usiharakishe kuizima. Mtu akiona kazi ya kujibu imekwisha, mabega hushuka na sauti hurudi kuwa ya kawaida, na mara nyingi hapo ndipo husema kwa sentensi moja kile alichokuwa anakizunguka kwa nusu saa. Akikisema, muulize kama anaridhia kitumike.