Kupima kumbukumbu kabla na baada ya upasuaji: kwa nini alama ileile si matokeo yaleyale

Mgonjwa wa kifafa anapangiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya ubongo kwenye panja la kushoto. Kabla ya upasuaji anapimwa kumbukumbu ya maneno: anasomewa orodha ya maneno 15 mara tano, na kila mara anataja anayoyakumbuka. Jumla ya juu kabisa ni 75. Anapata 50. Mwaka mmoja baadaye anarudia jaribio hilo na kupata 50 tena. Ripoti nyingi zitaandika "hakuna badiliko" na kufunga jalada.

Sentensi hiyo inaruka jambo moja. Mtu ambaye hakupasuliwa wala hakubadilishiwa dawa, akirudia jaribio hilo, kwa kawaida huongeza alama kadhaa, kwa sababu amekwisha kuujua mchezo wenyewe. Mara ya kwanza hakujua kwamba orodha itarudiwa mara tano, wala kwamba ataulizwa tena baada ya nusu saa. Mara ya pili anakuja na mbinu: anayapanga maneno kwa makundi, anaanza na yale ya mwisho kabla hayajamponyoka, na wasiwasi umepungua. Hii ndiyo faida ya kurudia. Kwa hiyo aliyebaki palepale ameikosa nyongeza ambayo wenzake huipata, na swali la kuuliza ni kama ameikosa kwa bahati tu au kuna kitu kimepungua.

Kubadilisha orodha ya maneno husaidia, lakini hakuondoi tatizo. Orodha mpya huzuia mgonjwa asikumbuke maneno ya zamani; haimsahaulishi mbinu. Tena orodha mbili huwa hazilingani kwa ugumu kama vitabu vya maelekezo vinavyodai, na tofauti ya alama mbili tatu kati ya orodha huweza kuonekana kama badiliko la mgonjwa.

Kuamua swali lile tunahitaji kujua vitu viwili: watu wasiotibiwa huongeza kiasi gani, na alama zao huyumba kiasi gani zenyewe. Mwaka 1991 watafiti Jacobson na Truax waliweka kanuni ya kugawa tofauti ya alama kwa kosa la tofauti hiyo, ili tujue kama imezidi myumbo wa kawaida wa kipimo. Hiyo ndiyo fahirisi ya badiliko la kuaminika, inayofahamika kwa herufi RCI. Walikuwa wakiwaza zaidi wagonjwa wa tiba ya kisaikolojia, na kanuni yao haikuwa na nafasi ya faida ya kurudia. Mwaka 1993 Chelune na wenzake, wakifanya kazi na wagonjwa wa upasuaji wa kifafa, waliiongeza: kabla ya kugawa, toa wastani wa nyongeza uliopatikana katika kundi la kulinganishia. Kundi lao lilikuwa la wagonjwa wa kifafa ambao hawakupasuliwa, na uchaguzi huo una maana kubwa kuliko kanuni yenyewe, nitaurudia.

Kanuni ninayoitumia ni hii:

```
SEM1 = S1 * sqrt(1 - r)
SEM2 = S2 * sqrt(1 - r)
SD_tofauti = sqrt(SEM1^2 + SEM2^2)
RCI = ((X2 - X1) - (M2 - M1)) / SD_tofauti
```

X ni alama za mgonjwa, M ni wastani wa kundi la kulinganishia, S ni mkengeuko wastani wa kundi hilo, SEM ni kosa la kipimo, na r ni uwiano kati ya alama za kundi za mara ya kwanza na za mara ya pili. Namba 1 na 2 ni kabla na baada.

Tuchukue namba za mfano tu, msizipeleke kliniki. Kundi la kulinganishia lilipata wastani wa 48 mara ya kwanza na 52 mara ya pili. Mikengeuko ni 9 na 10. R ni 0.75. Kipeuo cha pili cha 1 - r, yaani 0.25, ni 0.5, hivyo kosa la kipimo ni 4.5 mwanzoni na 5 baadaye. Miraba yake, 20.25 na 25, ina jumla ya 45.25, na kipeuo cha pili chake ni 6.73. Hicho ndicho kigawanyio.

Sasa mgonjwa aliyeanza na 50 akapata 42. Bila kutoa faida ya kurudia, -8 ukigawa kwa 6.73 unapata -1.19, na mtu angesema ni myumbo wa kawaida. Ukitoa zile alama 4 ambazo kundi liliongeza, tofauti inakuwa -12, na RCI ni -1.78. Kwa uhakika wa asilimia 90 mpaka ni 1.64, kwa hiyo mgonjwa huyu ameshuka. Alama ni zilezile, lakini hukumu imegeuka.

Mimi hupenda kuigeuza kanuni iwe mipaka ya alama zenyewe, maana daktari wa upasuaji anaelewa alama upesi kuliko RCI. Zidisha 1.64 kwa 6.73, unapata 11. Weka 11 pande zote mbili za nyongeza inayotarajiwa, yaani 4: mipaka ni -7 na +15. Mgonjwa akishuka kwa alama 8 au zaidi, ameshuka kweli. Ili tuseme amepanda lazima aongeze 16 au zaidi. Tazama jinsi mipaka isivyolingana. Mgonjwa aliyeongeza alama 7 baada ya upasuaji hufurahiwa na kila mtu, lakini RCI yake ni 0.45, na hakuna ushahidi kwamba tiba imemwongezea kumbukumbu. Na yule wa 50 na 50? RCI yake ni -0.59. Yuko ndani ya mipaka, lakini yuko upande wa chini, na ikiwa majaribio mengine ya kumbukumbu ya maneno yanaelekea hukohuko, nitaliandika hilo.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi liko kwenye r. Vitabu vya maelekezo huwa na namba mbili zinazoitwa uthabiti. Moja hupima jinsi vipengele vya jaribio vinavyokubaliana vyenyewe kwa vyenyewe siku hiyohiyo, na aghalabu ni kubwa, tuseme 0.90. Nyingine hupima jinsi alama za watu walewale zinavyofuatana baada ya muda, na huwa ndogo zaidi. RCI inahitaji hiyo ya pili. Ukiweka 0.90 kwenye mfano wetu, kigawanyio kinashuka hadi 4.25. Mgonjwa aliyetoka 50 hadi 46, ambaye kwa r sahihi ana RCI ya -1.19, anapata -1.88 na kuandikiwa kwamba upasuaji umemharibu. Ukikuta ripoti ambayo karibu kila mgonjwa "amebadilika", angalia r kwanza.

La pili ni muda. Takwimu za vitabuni mara nyingi zimetoka kwa watu wazima wenye afya waliorudia jaribio baada ya wiki chache. Mgonjwa wetu anarudi baada ya miezi 6 au 12. Kadiri muda unavyorefuka faida ya kurudia hupungua, ingawa haiishi upesi, na r nayo huelekea kushuka. Ukitoa faida ya wiki tatu kwa mgonjwa wa mwaka mzima, umemdai alama ambazo hakuna mtu angezipata.

Hapa ndipo kundi la kulinganishia linapoamua kila kitu. Kupata faida ya kurudia kunahitaji kumbukumbu. Mgonjwa ambaye hipokampasi yake, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, ilikwisha kuharibika kabla ya upasuaji hatafaidika kama mtu mwenye afya, hata asipoguswa na kisu. Ukimtolea nyongeza ya watu wenye afya, utaulaumu upasuaji kwa kosa la ugonjwa. Ndiyo maana kundi bora ni la watu wenye ugonjwa uleule, wanaotumia dawa za aina ileile, waliorudia kwa muda unaofanana, tofauti pekee ikiwa hawajapasuliwa.

Kanuni hii ina udhaifu mmoja zaidi: inampa kila mtu nyongeza ileile, aliyeanza na 30 sawa na aliyeanza na 60. Lakini aliyepata alama za chini sana mara ya kwanza kwa kawaida hupanda zaidi, kwa sababu sehemu ya ule uchache ilikuwa bahati mbaya ya siku hiyo. Aliyepata za juu sana huelekea kushuka kuja kwenye wastani. Njia ya rigresheni, ambayo McSweeny na wenzake waliipeleka kwa wagonjwa wa kifafa mwaka huohuo wa 1993, hutabiri alama ya pili kutokana na ya kwanza:

```
b = r * S2 / S1
a = M2 - b * M1
Y = a + b * X1
SEE = S2 * sqrt(1 - r^2)
z = (X2 - Y) / SEE
```

Kwa namba zetu b ni 0.833, a ni 12, na SEE, yaani kosa la utabiri, ni 6.61. Mgonjwa wa 50 anatarajiwa kupata 53.7; amepata 42, z yake ni -1.76, karibu sawa na RCI. Karibu na wastani njia hizi mbili hazigombani. Sasa chukua aliyeanza na 30 akapata 24. RCI inamtarajia 34 na kumpa -1.49, yaani hajabadilika. Rigresheni inamtarajia 37 na kumpa -1.97, yaani ameshuka. Kwa alama zilizo mbali na wastani naiamini rigresheni, mradi kundi lilikuwa na watu wa kutosha wenye alama za chini kama zake. Ikiwa hawakuwapo, mstari umevutwa hadi mahali pasipo na ushahidi, na ni afadhali kuripoti namba zote mbili na kusema hivyo.

Kuna pia wingi wa majaribio. Mpaka wa asilimia 90 huacha asilimia 5 upande wa kushuka. Ukimpima mtu vipimo 20, tarajia kimoja kivuke mpaka huo bila sababu yoyote. Kushuka kwa kipimo kimoja cha kasi ya mkono baada ya upasuaji wa panja la kushoto hakunisumbui. Kushuka kwa kujifunza orodha pamoja na kukumbuka orodha hiyo baada ya nusu saa kunanisumbua, kwa sababu kunalingana na mahali palipokatwa.

RCI ikivuka mpaka, inasema badiliko ni kubwa kuliko myumbo wa kipimo. Haisemi limesababishwa na nini. Kabla ya kuandika neno upasuaji naangalia dawa, hasa topirameti, ambayo inajulikana kupunguza ufasaha wa kutaja maneno. Naangalia kama alipata degedege siku moja au mbili kabla ya kupimwa, usingizi wake, na sonona. Kisha naandika hivi: "Jumla ya kujifunza maneno imeshuka kutoka 50 hadi 42. Wagonjwa wasiopasuliwa huongeza takriban alama 4 katika muda huu. RCI -1.78, nje ya mipaka ya asilimia 90. Dawa hazikubadilishwa kati ya vipimo."