Jiwe la shadufu haliinui maji bure, na mengine mnayoniambia kila kiangazi

Mto ukianza kushuka tu simu zinakuwa zilezile. Mtu kaona video ya Misri, mzee kasimama ukingoni mwa Nile na boriti yake, ndoo inashuka inapanda, basi ananipigia: fundi, nataka ile ya jiwe nyuma, haili mafuta, haili umeme, jiwe ndio linafanya kazi. Akikata huyo anapiga mwingine anataka skrubu ya Arkimedes "inayovuta maji" mpaka shambani kwake juu kule. Mimi ni mtu wa umwagiliaji, hivi vyombo navipenda sana, ila nimechoka kusikia sifa ambazo havina.

Dhana: jiwe la nyuma ndio linainua maji, mtu anaongoza tu

Hii ndio inayonimaliza kabisa, maana mtu akishaiamini anaenda kuongeza jiwe, halafu anaharibu kila kitu.

Tuanze na chombo chenyewe. Nguzo mbili ukingoni, juu yake mti wa kulalia, na juu ya huo mti boriti ndefu inayocheza kama wenzo. Mbele kuna kamba au fito na ndoo, zamani ya ngozi au ya kusuka. Nyuma, upande mfupi, kuna bonge la udongo uliokaushwa. Mkulima anavuta kamba chini ndoo izame, anaiinua kwa mkono huku boriti inamsaidia, anamwaga kwenye mfereji, anarudia.

Sasa hesabu. Tuseme ndoo tupu na fito yake ni kilo 3, inabeba lita 16 za maji, yaani kilo 16. Ikijaa ni kilo 19. Ukiivuta kwa mikono tu bila boriti unainua kilo 19 kila safari. Weka mzigo wa nyuma ambao ukifika upande wa ndoo unahesabika kama kilo 11, yaani uzito wa ndoo pamoja na nusu ya maji. Ndoo tupu ikishuka unapambana na kilo 8, kwa sababu 11 toa 3. Ndoo ikijaa na kupanda unabeba kilo 8, kwa sababu 19 toa 11. Kilo 8 kushuka, kilo 8 kupanda, jumla 16, na hizo 16 ni yale maji yako. Hakuna kilichotoka bure, kazi ya kuinua maji umeilipa yote wewe mwenyewe, jiwe limekugawia malipo sehemu mbili basi.

Kwa hiyo faida iko wapi? Iko mwilini. Nusu ya kazi unaifanya kwa kuvuta chini, na mtu akivuta chini anaweka uzito wake mwenyewe kwenye kamba, mgongo hauinami. Ile nusu nyingine ni kilo 8 tu badala ya 19, kitu ambacho mkono unaweza kukifanya asubuhi nzima. Pia hubebi tena ule uzito wa ndoo tupu kila safari, boriti inaubeba. Hiyo ndio akili yote ya shadufu na kwangu inatosha sana, sijui kwa nini watu wanataka na muujiza juu yake.

Sasa tumchukue mteja wangu wa aina ileile. Boriti yake upande wa ndoo ni mara mbili ya upande wa nyuma, kwa hiyo nyuma anahitaji kama kilo 22 ili mbele zihesabike 11. Yeye akafunga jiwe la kilo 60, akasema sasa litajiinua lenyewe. Na kweli linajiinua! Mbele zinahesabika kilo 30, ndoo iliyojaa ni 19, kwa hiyo inaruka juu yenyewe na kumwagia maji kila mtu aliyepo. Lakini kuishusha ikiwa tupu anavuta kilo 27. Kwa kina cha mita 2 anafanya kazi karibu asilimia 70 zaidi ya yule mwenye mzigo sahihi, na ni nyingi hata kuliko kuvuta kwa mikono bila jiwe lolote. Saa moja tu mabega yameisha anasema shadufu mbaya, Wamisri walikuwa watumwa ndio maana waliweza. Hapana ndugu yangu, Wamisri walikuwa na bonge la saizi yake.

Utajuaje kama mzigo uko sawa bila mizani? Kwanza kabla hujafunga ndoo, ongeza udongo nyuma mpaka boriti tupu ilale sawa, maana mti wa upande mrefu nao una uzito na watu wote wanausahau. Halafu funga ndoo uendelee kuongeza. Ishike tupu katikati ya safari, uiachie: inatakiwa ipande taratibu. Ijaze, ishike palepale, uiachie: inatakiwa ishuke taratibu kwa haraka ileile. Tupu ikipanda mbio na iliyojaa ikikataa kushuka, punguza nyuma. Iliyojaa ikianguka kama imekatika, ongeza. Na hapa nakazia ushauri wangu ambao sichoki nao, tumia udongo uliochanganywa na makapi sio jiwe, udongo unaongeza konzi moja moja na ukizidi unabandua, jiwe utalifanyaje? Halafu mtu yeyote asisimame nyuma ya boriti. Kamba ikikatika ndoo ikiwa chini, lile bonge linashuka lote kwa mara moja.

Dhana: shadufu moja inatosha shamba

Hesabu ileile. Ndoo 6 kwa dakika ni mwendo mzuri wa mtu anayeijua kazi, hapo ni lita 96 kwa dakika, kama lita 5,700 kwa saa ukitoa hesabu ya kumwagika. Mazao yakinywa milimita 5 kwa siku, hekta moja inataka lita 50,000. Hiyo ni karibu saa 9 bila kupumzika, bila kunywa chai, bila mfereji kunywa hata tone, na mfereji wa udongo unakunywa kweli. Ni chombo cha bustani ya mboga.

Na mita 2 nimezichagua makusudi. Kina kikizidi hapo sana fito inakuwa ndefu mno na mtu hafikii. Misri ya juu, ambako Nile ikipungua ukingo unabaki mrefu kama ukuta, walipanga shadufu tatu au nne kwa ngazi, huyu anamwaga kwenye kibirika cha udongo, wa juu yake anachota hapohapo, mpaka maji yafike shambani. Watu wanne, maji ya mtu mmoja. Ndio maana namwambia kila mtu apime ukingo wake kiangazi, asiniletee kipimo cha masika.

Dhana: mafarao walimwagilia Misri yote kwa shadufu tangu enzi za piramidi

Piramidi kubwa ya Giza ni ya karibu miaka 2,500 KK na shadufu Misri haionekani mpaka Ufalme Mpya, yaani baada ya karibu 1550 KK. Iraki ya kale wanayo mapema zaidi, imechorwa kwenye mihuri ya Akkad, dola ya kale ya hukohuko. Kabla ya hapo mtunza bustani wa Misri alibeba mitungi miwili kwa mti begani. Picha inayojulikana sana iko kwenye kaburi la Ipuy kule Deir el-Medina, la wakati wa Ramesesi wa Pili, na angalia kinachomwagiliwa: bustani. Ngano na shayiri zilipata maji ya mafuriko yenyewe. Nile ilifurika, wakayafungia maji kwenye majaruba makubwa wiki kadhaa, wakayaachia, wakapanda kwenye tope. Nani angechota yote yale kwa ndoo?

Dhana: skrubu inavuta maji kama pampu, kwa hiyo lazima ibane isivuje

Skrubu ni gogo refu lililozungushiwa ubapa kama ngazi ya kuzunguka na kufunikwa mbao, haivuti wala haisukumi kwa presha. Ukiilaza kwa mteremko, kila mzunguko wa ubapa unakuwa na kibonde chini yake, maji yanakaa kwenye kibonde kwa uzito wake tu. Ukizungusha, kibonde kinahamia juu na maji muda wote yanateleza kurudi kwenye sehemu ya chini kabisa ya kibonde chake. Yaani maji yanajiona yanashuka huku yanapanda. Ndio maana kuvuja kidogo sio msiba, yanayovuja yanadondokea kibonde cha chini.

Ila kinachoua skrubu ni mteremko. Vitruvius, mhandisi wa Roma karne ya 1 KK, alieleza ujenzi wake vizuri: gogo, njia nane za kuzunguka zilizojengwa kwa fito laini zilizochovywa lami, mbao juu, mikanda ya chuma, na uilaze kwa pembetatu ya 3, 4, 5, ambayo ni kama nyuzi 37. Ukiisimamisha zaidi ili "ifike juu" vibonde vinamwaga vyote, unazungusha hewa. Naye mwenyewe alisema inatoa maji mengi lakini haiyafikishi juu kama gurudumu. Skrubu ya mkono ya mita 2.5 ukiilaza nyuzi 30, nusu mita ya mwisho iko majini, inakuinulia mita 1 hivi. Kwa hiyo ilikaa zaidi kwenye delta ya Nile ambako maji yako karibu na shamba, ukingo mrefu wakaiachia shadufu. Usiuzamishe mdomo wa chini wote, uache sehemu iwe wazi, kila kibonde kinataka hewa yake. Ukisikia inagugumia na maji yanatoka kwa vipindi, mto umepanda, inua mdomo.

Kuizungusha mbio nayo haisaidii, maji yanapanda kwa mzunguko yanarushwa juu ya gogo na kurudi chini.

Dhana: Arkimedes aliibuni, mwisho wa habari

Mwanahistoria wa kale Diodorus wa Sisilia ndio anasema Arkimedes aliibuni alipokuwa Misri, karne ya 3 KK. Kuna wasomi wanaosoma maandishi ya mfalme Senakeribu wa Ashuru, karibu 700 KK, na kuona skrubu humo, wengine wanakataa, bado wanabishana. Nani alikuwa anazungusha hakuna ubishi. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliona ngome ya Babiloni pale kwenye Nile, karibu na Kairo ya leo, maji yakipandishwa kwa magurudumu na skrubu, na kazi hiyo ilikuwa na wafungwa 150.