Picha ya droni haina kodinati? Pointi tatu zinatosha kuipa, ila zichague vizuri

Kila masika yakikaribia hapa Dodoma tunaletewa picha za droni za mitaro na makorongo, na swali ni lilelile, picha ipo, nzuri kabisa, lakini haijui iko wapi duniani, sasa nitapimaje urefu wa mtaro humo ndani? Naeleza hapa njia tunayotumia sisi wa kitengo cha ramani, na namba nimeziweka nyepesi makusudi ili ukae na kalamu uzifuate.

Picha ni pikseli tu. Kila pikseli ina namba mbili, u ukihesabu kutoka kushoto na v ukihesabu kutoka juu kwenda chini. Ardhini nako kuna namba mbili, X ya mashariki na Y ya kaskazini, kwa mita. Badiliko la afini linaunganisha hizo mbili hivi:

```
X = a*u + b*v + c
Y = d*u + e*v + f
```

Ndani ya herufi hizo sita kuna kuzungusha, kukuza au kupunguza, kupindisha kidogo upande mmoja na kuhamisha. Mistari iliyokuwa sambamba inabaki sambamba, hiyo ndo alama yake. Na kwa kuwa visivyojulikana ni sita, na kila pointi unayoijua pande zote mbili inakupa milinganyo miwili, basi pointi tatu zinamaliza kazi.

Tuchukue picha ya mtaro mmoja wa pale mjini. Picha yenyewe ilikuwa kubwa, kompyuta inakwama, kwa hiyo tukaipunguza nusu kwanza ndo tukasoma pikseli, hili likumbuke maana litarudi. Kodinati za mjini kwetu kwa UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa zoni na kupima kwa mita, ni kama 803,000 mashariki na 9,317,000 kaskazini, hizo tukazitoa kwanza ili tubaki na namba ndogo za kuhesabia kwa mkono. Kona ya kalavati A ilikuwa pikseli (200, 400), ardhini (200, 550). Kona ya ukuta B ni (1200, 600), ardhini (430, 660). Msingi wa tenki C ni (400, 1400), ardhini (390, 380).

Sasa usihangaike na milinganyo sita kwa mpigo, toa A kwenye zile nyingine mbili na c na f zinapotea zenyewe. Kutoka A kwenda B kwenye picha ni (1000, 200), ardhini ni (230, 110). Kutoka A kwenda C ni (200, 1000), ardhini (190, −170). Detaminanti ya upande wa picha ni 1000 × 1000 kutoa 200 × 200, yaani 960,000. Baada ya hapo:

```
a = (230*1000 - 190*200) / 960000 = 0.2
b = (190*1000 - 230*200) / 960000 = 0.15
d = (110*1000 + 170*200) / 960000 = 0.15
e = (-170*1000 - 110*200) / 960000 = -0.2
```

Rudisha A ndani, c inatoka 100 na f inatoka 600. Kabla hujafurahi angalia namba zinasema nini. Urefu wa (a, d) ni 0.25 na wa (b, e) ni 0.25, maana yake pikseli moja ni sentimita 25 pande zote mbili, picha haijavutwa. Na ae kutoa bd ni hasi, −0.0625, na inatakiwa iwe hasi kwa sababu v inashuka wakati Y inapanda. Ukikuta chanya ujue umebadilishana pointi mbili, ramani yako imegeuka kama ya kwenye kioo.

Turudi kwenye ile nusu. Kodinati tulizosoma ni za picha ndogo, lakini tunayotaka kuitumia ni kubwa, halafu tena zile laki nane na milioni tisa zinatakiwa zirudi. Hapa ndo kodinati homojeniasi zinapookoa watu. Kuzungusha na kukuza ni kuzidisha, ila kuhamisha ni kujumlisha, na matriksi ya mbili kwa mbili haiwezi kujumlisha. Kwa hiyo kila pointi tunaiongezea 1 chini, inakuwa (u, v, 1), matriksi inakuwa tatu kwa tatu yenye mstari wa mwisho 0 0 1, na c na f zinaingia kwenye safu ya tatu zikizidishwa na ile 1. Sasa kila hatua ni kuzidisha tu, na hatua tatu zinakuwa matriksi moja:

```
T * M * S =
[ 0.1    0.075   803100  ]
[ 0.075  -0.1    9317600 ]
[ 0      0       1       ]
```

S ni ya kupunguza nusu, M ndo ile tuliyoipata, T inarudisha namba kubwa. Inasomwa kulia kwenda kushoto, ya kwanza kufanyika inakaa karibu na pointi. Jaribu kalavati, kwenye picha kubwa ni (400, 800), inatoka 803,200 na 9,317,550, sawasawa. Ukiweka S kushoto kwa haraka zako, safu ya mwisho inakuwa 401,550 na 4,658,800, na mtaro wako wa Dodoma unaangukia baharini kusini kabisa ya bara la Afrika. Kosa kubwa hivyo afadhali, unaliona. Linaloumiza ni dogo, mfano kuzungusha kabla ya kuhamisha kwa mita chache, hilo hulioni mpaka mtu achimbe pasipotakiwa.

Ila kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni uchaguzi wa pointi. Watu wanatembea na barabara, wanapima pointi tatu zote kandokando ya lami kwa sababu ndo rahisi kufika. Tuseme C ingekuwa pikseli (2200, 810) badala ya kwenye tenki. Kutoka A ni (2000, 410), detaminanti inashuka toka 960,000 mpaka 10,000. GPS ikikosea nusu mita tu kwenye X ya B, b inasogea kwa 0.5 × 2000 / 10,000, yaani 0.1 nzima, wakati b yenyewe ni 0.15! Ukienda pikseli 1000 pembeni ya barabara umepotea mita 100. Kwa pembetatu yetu ya mwanzo kosa hilohilo linasogeza b kwa 0.0001 hivi, na a kwa 0.0005, hata ukienda pikseli 1000 ni kama nusu mita tu.

Na pointi tatu hazikwambii kama umekosea, tofauti kati ya hesabu na kipimo kwenye pointi hizo inakaa sifuri daima hata kama moja umeipima kwenye mti usio wenyewe. Kwa hiyo pima ya nne na usiitumie kwenye hesabu. Yetu ilikuwa (1300, 1500), M ikatabiri (585, 495), GPS ikasema (585.3, 494.6), tofauti nusu mita, pikseli mbili, kwa mtaro tukakubali. Ila kwenye miinuko ya mawe kama kule Mlimwa pointi ya nne inaweza kugoma kwa mita kadhaa hata ukipima kwa makini, kwa sababu kilele kiko karibu na kamera kuliko bonde, na afini haina sehemu ya kubeba urefu wa kilima. Hapo kurudia kupima hakusaidii, inabidi picha isahihishwe kwa modeli ya mwinuko. Ikigoma kwa kilomita nyingi badala ya mita, angalia zoni, maana Dodoma mjini iko UTM 36 kusini lakini longitudo ya 36 inapita kama kilomita 30 tu mashariki ya mji, na ukifika Kongwa au Mpwapwa mashine ikijichagulia yenyewe inakupa zoni ya 37.