Harusi haiandiki jina la baba

"Tulizaa kabla ya kuoana. Tukifunga ndoa, ndipo mtoto atakuwa halali?"

Hapa Kenya haki zake hazingoji harusi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Kwa urithi, sheria humtambua mtoto ambaye baba amemkiri waziwazi au amejitwika malezi yake ya kudumu kwa hiari (Waislamu wana utaratibu wao). Isome mwenyewe kenyalaw.org, ni bure.

Kinachosahaulika ni cheti cha kuzaliwa. Tuseme mtoto alizaliwa Kayole, na palipo jina la baba pamejazwa X tupu. Hata harusi ifane vipi, zile X zitabaki pale mpaka wazazi waende kwa msajili kuomba marekebisho.