Kwa nini sindano ya ganzi hugoma kwenye jipu

Mama mmoja muuza samaki aliingia chumba cha upasuaji mdogo ameunyanyua mkono wa kulia, kama mtu aliyeshika mshumaa. Siku nne nyuma mwiba wa samaki ulimchoma ncha ya kidole cha shahada. Sasa alikuwa na kile tunachokiita mdudu wa kidole: ncha imevimba, imekaza kama ngoma, inapwita usiku kucha. Jana yake alikuwa amekwenda mahali pengine, akachomwa sindano ya ganzi palepale penye uvimbe, akapiga kelele, kisha wembe ulipogusa akapiga kelele zaidi. Hakumaliza, akaondoka.

"Daktari, dawa yao imechakachuliwa," aliniambia. "Sikufa ganzi hata kidogo."

Nilimwambia mama, huenda dawa ilikuwa nzima kabisa. Iliwekwa mahali ambapo haiwezi kufanya kazi.

Neva hupeleka habari za maumivu kwa umeme. Kwenye utando wa neva kuna milango midogo ya sodiamu. Kidole kikichomwa, milango hiyo hufunguka, ioni za sodiamu huingia ndani, na wimbi la umeme hukimbia kuelekea uti wa mgongo hadi kwenye ubongo. Lignokeini, dawa ya ganzi tunayoitumia kila siku, huziba milango hiyo. Wimbi likikosa mlango wa kupita, ubongo hauna habari ya kupokea.

Tatizo ni kwamba lignokeini huziba mlango kutokea ndani ya neva, na sisi tunaichoma nje. Lazima kwanza ivuke utando, na utando ni wa mafuta. Hapa ndipo dawa hii inapokuwa na sura mbili. Ndani ya chupa na mwilini, molekuli zake nyingine zimebeba chaji ya umeme na nyingine hazina. Zisizo na chaji hupenda mafuta, hivyo huvuka. Zenye chaji hupenda maji, hivyo hubaki nje. Ajabu yenyewe ni kwamba zikishafika ndani, baadhi ya zile zilizovuka hupata chaji upya, na hizo zenye chaji ndizo zinazoushika mlango vizuri. Dawa inahitaji sura moja ya kuingilia na nyingine ya kufanyia kazi.

Nani anaamua ngapi ziwe na chaji? Asidi ya mahali ilipochomwa, ambayo tunaipima kwa pH: pH ikishuka, asidi imezidi. Lignokeini ni besi dhaifu, na pKa yake ni 7.9, yaani kwenye pH hiyo nusu ya molekuli zina chaji na nusu hazina. Nyama yenye afya ina pH ya karibu 7.4. Hapo, katika kila molekuli 100, kama 24 hazina chaji na zinaweza kuvuka. Zinatosha. Lakini kwenye jipu, bakteria na chembe nyeupe za damu wanatumia sukari bila oksijeni ya kutosha na kumwaga asidi. Tuseme pH imeshuka hadi 6.4, jambo la kawaida penye usaha. Sasa zinazoweza kuvuka ni 3 tu katika 100. Zile 97 zinabaki nje ya neva, na mgonjwa anasikia kila kitu.

Wanafunzi wangu huuliza: basi si tuongeze dozi? Tupige hesabu ya mama huyu. Alikuwa na kilo 60. Lignokeini isiyo na adrenalini tunaikomesha miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 180. Ile ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 9. Kidole kimoja kwa kawaida kinataka mililita 2 hadi 4. Ukitaka kufidia kushuka kutoka 24 hadi 3 ungezidisha mara 8, na hapo hata mililita 2 zingekuwa 16. Tena mishipa ya damu penye uvimbe imetanuka, hivyo dawa huzolewa upesi na kuingia kwenye mzunguko wa damu. Mgonjwa huanza kusema midomo inakufa ganzi, anasikia ladha ya chuma, masikio yanavuma. Baada ya hapo ni degedege, na moyo unaweza kusimama. Na kabla ya yote hayo, ncha ya kidole iliyokaza haina nafasi ya mililita hata moja. Kuisukuma humo ni kumtesa mtu, na ni kusukuma usaha uende mbali zaidi.

Lakini nisiitupie asidi lawama zote, maana jino linanikatalia. Mtu mwenye gego la chini linalouma kwa uvimbe wa kiini chake huchomwa ganzi kwenye neva nyuma ya taya, sentimita kadhaa kutoka kwenye jino, kwenye nyama safi. Mdomo wote unakufa ganzi, na jino bado linauma likitobolewa. Asidi ya jinoni haifiki kule nyuma. Hapa neva yenyewe imebadilika. Kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazotolewa na uvimbe, huifanya iwake kwa kuguswa kidogo tu, na neva za maumivu huongeza milango ya aina iitwayo Nav1.8, ambayo huhitaji lignokeini nyingi zaidi ili izibike.

Kwa mama yetu, jambo la kwanza nililoangalia ni wekundu umefika wapi. Uliishia kwenye kiungo cha kati. Shina la kidole lilikuwa baridi, laini, rangi ya kawaida. Hapo ndipo pa kuchoma, kwa sababu neva nne za kidole hupita pande mbili za shina, kwenye nyama yenye pH nzuri. Nilivuta bomba kwanza kuhakikisha sipo kwenye mshipa wa damu, nikaweka mililita 1.5 kila upande, polepole. Sikutumia yenye adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu, maana kidole kilichobanwa na usaha tayari kinapata damu kwa shida. Kisha tukasubiri dakika 10 kwa saa ya ukutani. Ganzi nyingi zinazosemwa zimegoma, kwa kweli hazikusubiriwa.

Kama wekundu ungefika kwenye shina, ningepanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Kama mkono wote ungekuwa umevimba, ningehamia nusukaputi. Dawa hizo hazijali asidi ya kidole, kwa sababu hazifanyi kazi kidoleni. Ketamini huingia kwenye damu, ambayo mwili huilinda ibaki karibu na pH 7.4, ikafika kwenye ubongo na kuzuia vipokezi vya NMDA, ambavyo glutamati hutumia kuamsha chembe za neva. Propofoli huenda njia nyingine: huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza. Kidole bado kinapiga kelele, lakini hakuna wa kuisikia. Ila mama alikuwa amekula ugali na maharage saa moja iliyopita, na kumlaza mtu mwenye tumbo lililojaa ni kumweka katika hatari ya kutapika na chakula kuingia mapafuni. Kungoja kwake kungekuwa saa 6 au zaidi, na ncha ile isingengoja.

Dakika 10 zilipotimia nilimgusa kwa ncha ya sindano.

"Unasikia nini, mama?"

"Nasikia unanigusa. Hainiumi."

Hilo ndilo jibu ninalolitaka. Neva nene za mguso huchelewa kuzibika kuliko nyembamba za maumivu, kwa hiyo kusikia mkono wa daktari si dalili kwamba ganzi imeshindwa. Mwenzangu alikata, usaha ukatoka kwa kishindo kidogo, na mama akageuka kuutazama mwenyewe.