Ukanda wa brasi na chuma: dhana potofu kuhusu mpindo na mkazo

Fungua pasi ya umeme iliyoharibika na utakuta ndani ya thamostati yake kijiukanda kinachojikunja kikipata moto. Ni metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja inatanuka sana na nyingine kidogo. Jambo hili linaeleweka haraka, na pengine ndiyo sababu hesabu yake hukosewa mara nyingi, hasa hesabu ya mkazo.

Tutumie ukanda mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umetengenezwa kwa shiti la brasi na shiti la chuma cha kawaida, kila moja unene wa milimita 0.5, hivyo unene wote ni milimita 1. Upana ni milimita 10 na urefu ulio huru ni milimita 100. Kwa kila digrii moja, brasi hutanuka takribani sehemu 19 kwa milioni na chuma sehemu 12. Ukakamavu wa brasi, yaani moduli ya Young, tuuchukue kuwa MPa 100,000, na wa chuma MPa 200,000. Tuanze kwa kudhani kuwa ukanda umenyooka na hauna mkazo wowote ukiwa kwenye digrii 20.

Dhana: Ukanda hupinda kwa sababu upande mmoja umepata moto zaidi, kwa hiyo brasi lazima ielekee kwenye moto.

Tofauti ya joto kati ya pande mbili haihitajiki. Ukanda ukizama wote ndani ya maji ya moto, pande zote zikiwa na joto moja, hupinda vilevile, na brasi huwa upande wa nje wa mpindo. Hata ukiushika juu ya jiko, metali yenye unene wa milimita moja hupitisha joto upesi kiasi kwamba nyuso zake mbili hutofautiana kwa digrii moja au mbili tu. Geuza chuma kielekee moto: mpindo utabaki kuelekea upande uleule wa chuma. Kinachovuruga kipimo ni joto lisilo sawa kwa urefu. Moto ukigusa katikati tu, katikati ndipo panapopinda, sehemu zilizobaki zinabaki zimenyooka, na fomula ya duara tutakayoitumia hapa chini haifai tena.

Ndiyo maana tunatumia sufuria ya maji yanayochemka. Simamisha ukanda kwa ukingo wake ili uzito usiusukume kuelekea upande wa mpindo, bana ncha moja, na subiri hadi ncha huru iache kusogea.

Dhana: Maji yanachemka, basi joto ni digrii 100.

Hiyo ni Tanga au Dar es Salaam. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, maji huchemka karibu na digrii 95. Moshi iko chini zaidi, huko ni kama 97. Ukianza kwenye digrii 20 ukiwa Arusha, ongezeko la joto ni 75, siyo 80. Ukiandika 80 umeongeza mpindo kwa karibu asilimia 7 kabla hujagusa fomula, kisha utailaumu brasi.

Dhana: Huwezi kupata mpindo sahihi bila kujua ukakamavu wa kila metali kwa usahihi.

Fomula aliyoichapisha mhandisi Timoshenko mwaka 1925 inaonekana kuunga mkono dhana hii, maana ukakamavu umo ndani yake:

```
m = t1/t2     n = E1/E2     h = t1 + t2
K = 6*(a2-a1)*dT*(1+m)^2 / (h*(3*(1+m)^2 + (1+m*n)*(m^2 + 1/(m*n))))
```

K ni mpindo, yaani moja gawanya kwa nusu kipenyo cha duara. Herufi t ni unene wa tabaka, E ni ukakamavu, a ni kutanuka kwa kila digrii, na dT ni ongezeko la joto. Namba 1 ni chuma na namba 2 ni brasi. Kwetu m ni 1 na n ni 2. Juu inabaki 24, na ndani ya mabano ya chini inabaki 12 + 4.5, yaani 16.5. Kwa hiyo K ni 1.455 mara tofauti ya kutanuka, gawanya kwa unene. Tofauti ya kutanuka ni sehemu 7 kwa milioni mara 75, yaani 0.000525. Mpindo unakuwa 0.000764 kwa milimita, nusu kipenyo karibu mita 1.31. Ncha huru inasogea K mara urefu mara urefu, gawanya kwa 2, yaani milimita 3.8. Unaipima kwa rula nzuri bila shida.

Sasa chukulia metali zote mbili zina ukakamavu uleule, n iwe 1. Badala ya 1.455 unapata 1.5. Yaani umekosea ukakamavu mara mbili nzima na mpindo umebadilika kwa asilimia 3 tu. Kwa tabaka zenye unene sawa, mpindo unaongozwa na tofauti ya kutanuka na unene wa jumla. Ukakamavu unadai haki yake kwenye mkazo.

Dhana: Brasi yote imegandamizwa, chuma chote kimevutwa, na mkazo mkubwa uko kwenye nyuso za nje.

Hapa ndipo wengi huanguka, wakiwemo wanaojua mihimili vizuri. Wastani wa kila tabaka ni kweli ulivyo: brasi imegandamizwa na chuma kimevutwa. Lakini wastani unaficha kilichomo.

Tuhesabu kana kwamba ukanda una urefu wa mita moja, ili namba zisomeke. Kwa digrii 75, brasi ikiwa peke yake ingerefuka milimita 1.425 na chuma 0.900. Wameunganishwa, hivyo kwenye ungio lazima wakubaliane nyongeza moja ya urefu, nayo inatoka 1.139, ile inayofanya nguvu za tabaka mbili zifutane. Chuma hapo kimevutwa kuliko kilivyotaka, kwa 0.239; gawanya kwa milimita 1,000 za urefu, kisha zidisha kwa ukakamavu wake upate mvuto wa MPa 48. Brasi imenyimwa 0.286, kwa hiyo ina mgandamizo wa MPa 29.

Sasa toka kwenye ungio uende nje. Kwa sababu ukanda umepinda, kila nyuzi iliyo upande wa nje ni ndefu zaidi. Uso wa nje wa brasi uko milimita 0.5 kutoka kwenye ungio; ukizidisha kwa mpindo, kisha kwa milimita 1,000 za urefu, unapata nyongeza ya 0.382, na kurefuka pale kunafika 1.520. Brasi ilitaka 1.425 tu! Uso wake wa nje umevutwa kupita ulivyotaka wenyewe, na una mvuto wa karibu MPa 10. Upande wa pili, uso wa ndani wa chuma una 0.757 wakati ulitaka 0.900. Umegandamizwa, kwa MPa 29.

Kwa hiyo kila tabaka lina mvuto na mgandamizo kwa pamoja, na mstari usio na mkazo si mmoja kama kwenye mhimili wa kawaida. Ni miwili, mmoja ndani ya brasi na mmoja ndani ya chuma. Mkazo mkubwa kuliko yote uko kwenye ungio, mahali ambapo jicho halifiki.

Jinsi ya kujihakiki: wastani wa chuma ni nusu ya (48 − 29), yaani MPa 9.5 za mvuto, na wa brasi ni nusu ya (10 − 29), yaani 9.5 za mgandamizo. Kwa tabaka lenye eneo la milimita 5 za mraba, hizo ni kama niutoni 48 kila upande, na zinafutana. Lazima zifutane, kwa sababu hakuna mtu anayeuvuta ukanda. Jumla isipokuwa sifuri, rudi nyuma, umekosea alama ya kuongeza au kutoa mahali fulani. Anayechukua ukakamavu mara kutanuka mara joto anapata MPa 142 kwa brasi, lakini huo ni mkazo wa brasi iliyobanwa kati ya kuta mbili, siyo wa ukanda ulio huru kupinda.

Dhana: Ukanda mnene una mkazo mkubwa zaidi.

Fanya tabaka ziwe milimita 1 kila moja badala ya 0.5. Mpindo unapungua nusu, umbali kutoka kwenye ungio unakuwa mara mbili, na mkazo unabaki palepale. Unene unakubadilishia mpindo na nguvu ya kusukuma, siyo mkazo.

Dhana: Ukanda wa baridi hauna mkazo, joto ndilo linaloleta.

Tulidhani hivyo mwanzoni kwa urahisi wa hesabu. Ukweli unategemea joto ambalo metali ziligandishwa. Tuseme fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, amekulehemia ukanda huu kwa lehemu ya risasi na bati inayoganda kwenye digrii 183. Lehemu inapoganda metali zimeshatanuka kila moja kwa kiasi chake, na hapo ndipo mkazo ni sifuri. Ukipoa hadi 20, umeshuka digrii 163: ukanda utajikunja kinyume, brasi ndani, na ncha itakuwa imehama karibu milimita 8. Kwenye ungio, chuma kitakuwa na mgandamizo wa MPa 104 na brasi mvuto wa MPa 62. Ukiutumbukiza kwenye maji ya digrii 95, mkazo wa chuma unashuka hadi 56. Joto limeupunguza!

Ncha bado itasogea zile milimita 3.8, maana fomula inatoa badiliko la mpindo. Ndiyo sababu kipimo cha mpindo peke yake hakikuambii mkazo. Usiuminye ukanda uliojikunja ili uuite "ulionyooka". Pima hali yake ya mwanzo, kisha toa. Na lehemu laini hutambaa, yaani hulegea polepole ikiwa imebeba mzigo, kwa hiyo sehemu ya mkazo huo hupungua yenyewe ukanda ukikaa siku kadhaa. Ukirudisha kipimo na ncha haikurudi pale ilipoanzia, hiyo ni sababu moja ya kushuku.

Dhana: Lehemu inafanya kazi sawasawa kwa urefu wote.

Zile niutoni 48 hazipitishwi kidogokidogo kutoka ncha hadi ncha. Katikati ya ukanda kila tabaka tayari lina mzigo wake kamili na lehemu haikatwi na chochote. Kwenye ncha huru mzigo ni sifuri, kwa hiyo wote unahamishwa ndani ya milimita moja au mbili za mwisho, na hapo tabaka pia hujaribu kuachana kwa kuchanika. Namba zetu za MPa hazitumiki kwenye kipande hicho kifupi. Ukitaka kuona kama ungio limeanza kuachia, angalia ncha, siyo katikati: ufa mwembamba kwenye ukingo, na ncha ambayo haipindi kama sehemu nyingine bali imenyooka kwa milimita chache za mwisho. Ribiti mbili za mwishoni peke yake hazitoshi, kwa sababu katikati ya ribiti brasi huinuka na kuachana na chuma badala ya kukipinda.