Kagua orodha ya nondo ikiwa bado karatasi

Mwanagenzi wangu akishajua kufunga nondo, kinachofuata ni kukagua orodha ya vifaa. Kuhesabu mzigo lori likishafika ni kazi nyingine. Wakati huo pesa zimeshatoka.

Tulikuwa Likoni, tukijiandaa kumwaga slabu ya mita 8 kwa 5. Ramani ilitaka nondo za milimita 10, kila sentimita 20, pande zote mbili. Orodha iliyotoka dukani ilisema nondo 35. Nikampa kijana karatasi zote mbili, nikamwambia anionyeshe hizo 35 zimetoka wapi.

Alianza na zinazokatiza upana. Mita 8 ukizigawa kwa sentimita 20 unapata nafasi 40, na nafasi 40 zinataka nondo 41, maana lazima moja ikae mwisho. Za kwenda urefu zikawa 26. Akajumlisha mita: 205 na 208, zote 413. Nondo ya dukani ni mita 12, akagawa, akapata 34 na kitu.

“Ami, wako sawa,” akaniambia.

“Sasa chora kila nondo utakavyoikata.”

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Nondo moja inatoa vipande viwili vya mita 5, kwa hivyo vipande 41 vinataka nondo 21. Lakini ukikata mita 8, inabaki mita 4, na hiyo haitoshi upande wowote wa slabu ile. Akauliza kama tunaweza kuunga. Nondo zikiungwa lazima zipishane, kwa kipimo cha injinia, na mita 4 mbili zikipishana hazifiki 8. Basi kila ya urefu inakula nondo nzima: 26. Bila kuunga popote, jumla ni 47. Duka lilikuwa limegawa mita tu, na zilipungua nondo 12. Kuzifuata ni lori jingine, na foleni nyingine ya feri, huku mafundi wamekaa.

Kisha nikamuuliza lori litabebaje nondo za mita 12. Huku kwetu nyingi hukunjwa katikati. Kwa zile 21 haidhuru: unakata mita 5 kutoka kila ncha, na kunjo linabaki kwenye kile kipande cha mita 2 cha katikati. Kwa za mita 8, kunjo linaangukia ndani ya nondo yenyewe, na chuma kilichokunjwa kwa nguvu kisha kikanyooshwa huweza kupata ufa mahali pale pale. Mimi sikiweki kwenye slabu.

Kijana akapiga simu dukani mwenyewe: nondo 47, na 26 kati yake zikatwe mita 8 kabla ya kupakiwa, zije zimenyooka. Vile vipande vya mita 4 navyo akasisitiza vipakiwe, vikatumike kwenye linta za madirisha.